Kazi Moja Isihesabiwe Mara Mbili

Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo anajua adha ya kuzinduka na kichefuchefu. Mshono bado mbichi, na kila anapotapika unavutika. Ndiyo maana dawa ya ondansetroni ilipoanza kutumika hospitalini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, madaktari wa usingizi walitaka kujua jambo moja: inazuia kutapika kwa kiasi gani? Majaribio yakafanyika, na ripoti zake zikachapishwa moja baada ya nyingine katika majarida ya kitabibu.

Watafiti wa Oxford, wakiongozwa na Martin Tramèr, walizikusanya ripoti zilizotoka kati ya 1991 na Septemba 1996. Zilikuwa 84. Walipozisoma kwa kuzilinganisha, wakakuta kwamba 14 kati yake zilikuwa zinarudia majaribio tisa ambayo tayari yalikwisha kuripotiwa kwingine. Wagonjwa 3,335 waliopewa dawa hiyo walikuwa wamehesabiwa zaidi ya mara moja. Hakuna hata ripoti moja kati ya hizo 14 iliyomwambia msomaji waziwazi kwamba matokeo hayo yamewahi kuchapishwa. Utafiti huo ulitoka katika jarida la BMJ la Uingereza mwaka 1997, na hadi leo ni mfano mzuri wa kumwonyesha anayeuliza kuna ubaya gani mtu kurudia kazi yake mwenyewe.

Hesabu yenyewe si ngumu. Madaktari hujiuliza: ni wagonjwa wangapi wapewe dawa ili mmoja ambaye angetapika asitapike? Idadi ikiwa ndogo, dawa ina nguvu zaidi. Kwa sindano ya miligramu 4, ripoti 16 ambazo hazikurudiwa popote zilitoa jibu la 9.5, yaani karibu wagonjwa kumi wapewe dawa ili mmoja anusurike. Majaribio matatu ambayo yalirudiwa yalitoa 3.9. Ukiyajumlisha yote 19, kila moja likahesabiwa mara moja, unapata 6.4. Lakini yale matatu yalikuwa na nakala sita zaidi zilizozagaa majaridani. Mtu asiyejua, akizichukua ripoti zote 25 kana kwamba kila moja ni jaribio lake, anapata 4.9. Dawa ni ileile na wagonjwa ni walewale, ila sasa dawa inaonekana bora kwa asilimia 23 kuliko ilivyo.

Tazama pia ni majaribio gani yaliyorudiwa. Ni yale yaliyoipamba dawa. Matokeo ya kawaida yalichapishwa mara moja yakaachwa, na yale ya kuvutia yakasemwa tena na tena. Ondansetroni ni dawa ya kweli, inasaidia, na bado inatumika. Kilichopotoka ni kipimo cha msaada wake, na hakuna aliyehitaji kubuni tarakimu hata moja ili kipotoke. Ilitosha sentensi moja kukosekana katika kila nakala: matokeo haya tumekwisha kuyachapisha mahali fulani.

Swali si la umiliki

Mwanafunzi au mtafiti akiambiwa kwamba kurudia maandishi yake bila kusema ni kosa la kitaaluma, jibu lake la kwanza karibu siku zote ni lilelile: naibaje kilicho changu? Ni swali la haki. Wizi wa kitaaluma tunaoufahamu una mwenye mali na mwizi. Mtu anachukua maneno ya mwenzake na kuyaita yake. Hapa mwandishi ni mmoja, na hakuna wa kulalamika kuwa ameporwa.

Lakini maandishi ya kitaaluma yana mtu wa tatu, naye ni msomaji. Kila kazi inayowekwa mezani kwake inakuja na dai ambalo halijaandikwa popote ila wote wanalielewa, kwamba hii ni kazi mpya, iliyofanywa kwa ajili ya hapa. Kwa dai hilo mhadhiri hutoa alama, mhariri hutoa kurasa za jarida, na daktari hujumlisha ushahidi. Shahidi mmoja akipanda kizimbani mara tatu kwa majina matatu, huenda kila alichosema ni kweli tupu, lakini hakimu anayedhani ana mashahidi watatu amedanganywa. Kosa la mwandishi anayejirudia kimyakimya ni la namna hiyo.

Ukishalielewa hilo, mengine yanafuata yenyewe. Utajua kwa nini namna fulani za kurudia hazina shida kabisa, kwa nini nyingine zinaharibu, na kwa nini tiba yake kwa kawaida ni kutaja, wala si kubadilisha maneno.

Mhadhiri anapima nini?

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesomea maendeleo ya jamii. Muhula wa kwanza aliandika kazi ya maneno 2,000 juu ya vikundi vya kuweka na kukopa, VICOBA. Alikwenda mtaani, akawahoji akina mama 12, akachora jedwali la jinsi wanavyotumia mikopo yao, akapata alama nzuri. Muhula wa pili, kozi ya jinsia inaleta swali lake: mwanamke anapokuwa na fedha mkononi, nafasi yake katika uamuzi wa nyumbani inabadilikaje? Maneno 2,500, wiki mbili. Kazi ya zamani ipo kwenye kompyuta. Anachukua historia ya VICOBA, maelezo ya akina mama 12 na jedwali zima, jumla maneno 900. Anaandika 1,600 mapya, anabadilisha kichwa cha habari, anawasilisha.

Vyuo vingi sasa hupitisha kazi katika programu ya Turnitin. Chuo kikiwa kimeruhusu, kila kazi inayopita humo hubaki katika hifadhidata yake, na zinazofuata hulinganishwa nayo. Ile kazi ya pili itarudi na ripoti ya ufanano yenye alama ya njano, kwa kuwa rangi hiyo ni ya asilimia 25 hadi 49. Mhadhiri akibofya sehemu zilizopakwa rangi, ataona chanzo chake si tovuti wala kitabu bali ni kazi iliyowasilishwa na mwanafunzi wa chuo hichohicho. Akifuatilia, atakuta mwandishi ni yuleyule.

Programu inaishia hapo. Inaonyesha maneno yaliyofanana. Haisemi kama kuna kosa. Anayeamua ni mhadhiri, na katika kazi hii ataona mambo mawili.

La kwanza ni la alama. Maneno 900 ya kazi hiyo yalikwisha kulipwa muhula uliopita. Mwenzake wa benchi moja alianza na karatasi tupu, akatafuta watu wake wa kuwahoji, akaandika yote 2,500. Alama zao zikiwekwa pamoja katika orodha, zinasomeka kama kipimo cha juhudi ileile, na sivyo.

La pili ni zito zaidi, ingawa wanafunzi hawalifikirii. Wale akina mama 12 waliulizwa wanatumiaje mikopo. Hawakuulizwa nani nyumbani anaamua mtoto aende shule gani, au shamba liuzwe au lisiuzwe. Maelezo ya zamani hayalijibu swali jipya, kwa hiyo mwandishi, bila kujua, analivuta swali jipya lirudi kwenye lile alilokwisha kulijibu. Mhadhiri mzoefu huiona dalili hii hata bila programu. Kazi inaanza na uamuzi wa nyumbani, katikati inahamia kwenye marejesho ya mkopo kwa kurasa mbili, kisha mwishoni inakumbuka tena nyumbani. Palipounganishwa panaonekana.

Je, mwanafunzi huyu alipaswa kuitupa kazi yake ya kwanza? Hapana. Mahojiano yale ni mtaji, na mtu anayejenga juu ya kazi yake ya jana anafanya kile kile ambacho wasomi hufanya maisha yao yote. Alichopaswa kufanya ni kuuliza mapema, kabla hajaandika. Ujumbe wa mistari michache ungetosha:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni mwanafunzi wako wa kozi ya jinsia. Muhula uliopita niliandika juu ya VICOBA katika kozi nyingine, na niliwahoji akina mama 12. Naomba kuyatumia mahojiano hayo kama mwanzo, kisha nirudi kwa watano kati yao niwaulize juu ya uamuzi wa nyumbani. Je, inaruhusiwa? Kazi ya zamani nimeiambatisha."

Dokta anaweza kukataa, kwa sababu kozi nyingine zinataka kila kitu kiwe kipya, na hiyo ni haki yake. Akikubali, bado linabaki la pili, la kuandika ndani ya kazi yenyewe, kwa sababu hata msahihishaji wa nje ambaye hakuuona ujumbe ule lazima ajue. Na hapa namna ya kuandika ina maana. Sentensi kama "baadhi ya sehemu za kazi hii zimewahi kutumika kwingine" haimsaidii mtu, maana hajui ni zipi. Linganisha na hii:

"Maelezo ya kikundi katika aya ya pili na ya tatu, pamoja na Jedwali la 1, yametoka katika kazi niliyoiwasilisha muhula wa kwanza kwa kozi nyingine. Mahojiano ya akina mama watano katika sehemu ya tatu, na uchambuzi wote unaofuata, ni mapya."

Sasa msomaji ana vitu vitatu mkononi: kilichorudiwa, kilikotoka, na kilicho kipya. Anaweza kukipima kila kimoja kwa haki yake. Katika orodha ya marejeleo, ile kazi ya zamani inaingia kama chanzo kingine chochote, kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, mwaka, na maelezo kwamba haijachapishwa.

Meli moja, majarida manne

Mtu anaweza kusema kwamba ya dawa ni ya dawa, kwani mgonjwa yuko hatarini, na ya darasani ni ya alama. Je, utafiti usiogusa uhai wa mtu wala matokeo ya mtihani? Kisa cha Titanic kinajibu.

Bruno Frey, mwanauchumi mashuhuri wa Uswisi, pamoja na wenzake Benno Torgler na David Savage, walichunguza nani alinusurika na nani alikufa meli ya Titanic ilipozama mwaka 1912. Swali lao lilikuwa zuri: kifo kinapokaribia, watu hufuata ubinafsi, au desturi ya kuwatanguliza wanawake na watoto inashika? Kati ya 2010 na 2011, makala zao juu ya maafa hayo zilitoka katika majarida manne tofauti. Zilikuwa na data ya meli ileile na hoja zinazokaribiana sana, na hazikutajana kama inavyopaswa. Moja ya majarida hayo, linalotolewa na chama cha wanauchumi wa Marekani, lilipobaini hilo, mhariri wake David Autor aliwaandikia barua ya malalamiko na kuichapisha hadharani mwaka 2011. Frey alijibu, akakiri kosa na kuomba radhi.

Hakuna mgonjwa aliyeumia kwa makala za Titanic. Lakini fikiria kazi ya wale waliosoma makala hizo kabla hazijachapishwa. Wajibu wao mkubwa ni kujibu swali moja: makala hii inaongeza nini juu ya kile kinachojulikana? Huwezi kulijibu ikiwa sehemu kubwa ya kinachojulikana imefichwa, na aliyeificha ndiye anayeijua kuliko wote. Zaidi ya hayo, kurasa za jarida kubwa zina ukomo. Makala moja ikikaa katika viti vinne, kuna watu watatu waliobaki wamesimama nje, na pengine walikuwa na jambo jipya la kusema. Kwa wasomi wa vyuo vyetu, ambao kupata nafasi katika majarida hayo ni kazi ya miaka, hili si la kupuuza.

Pale ambapo kurudia hakuna kosa

Si kila kurudia ni kuficha. Katika Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kulikuwa na mradi mzima wa utafiti juu ya suala hili, ukiongozwa na Cary Moskovitz, na moja ya faida zake ni kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Maandishi yanayokua ndani ya mradi mmoja kabla ya kuchapishwa, yaani pendekezo la utafiti, maombi ya fedha, wasilisho la semina, kisha tasnifu, ni hatua za kazi moja. Mwanafunzi wa uzamili anayechukua sura ya mapitio ya kazi tangulizi kutoka kwenye pendekezo lake na kuiendeleza katika tasnifu hajamdanganya mtu. Msimamizi wake na jopo lake walitarajia hivyo hasa.

Hata hapo ipo hatari, nayo ni ya uzembe. Maandishi ya zamani hubeba mambo ya zamani. Pendekezo huandikwa kwa wakati ujao: "Watahojiwa wakulima 40 katika vijiji vinne." Mtafiti akifika uwanjani mvua inakata barabara, anafika vijiji vitatu, anawapata wakulima 31. Kisha katika tasnifu ananakili sura ya mbinu, anabadilisha "watahojiwa" kuwa "walihojiwa", na kusahau 40 na vinne. Mtahini anafika kwenye jedwali la matokeo, anajumlisha safu, anapata 31, na kuanzia hapo haamini tena ukurasa wowote. Mara nyingine kitenzi chenyewe hubaki katika wakati ujao, na tasnifu iliyokamilika inatangaza kwamba utafiti utafanyika. Anayenakili kwa halali bado ana wajibu wa kusoma upya kila namba, kila mahali na kila tarehe.

Sehemu ya mbinu ina jambo jingine la pekee. Maabara inayopima damu kwa utaratibu uleule miaka kumi itauelezaje kila mara? Wengi, kwa kuogopa ripoti ya ufanano, huyageuza maneno: "ilihifadhiwa" inakuwa "iliwekwa", sentensi ya mwisho inapelekwa mwanzo. Hilo si la kusifiwa. Mtafiti wa mahali pengine anayetaka kuurudia utaratibu huo akikuta maelezo mawili yasiyofanana, atajiuliza ni kitu gani kilibadilika kati ya makala ya kwanza na ya pili, na hakikubadilika kitu. Kubadilisha maneno ili programu isione ni kuficha kwa njia nyingine, na kunaweza kumpoteza msomaji kuliko kunakili. Iliyo bora ni kuyaacha maneno yale yaliyo sahihi na kusema: "Utaratibu wa kupima damu ni ule tulioueleza katika makala yetu ya 2021, na maelezo yake yametolewa tena hapa kwa ufupi." Wahariri wengi wa sayansi huridhika na hilo, mradi kilichorudiwa ni mbinu. Matokeo na mjadala ndiyo moyo wa makala, na hapo uvumilivu wao ni mdogo sana.

Kuna pia suala la haki ya kunakili. Jarida likichapisha makala yako, mara nyingi umesaini mkataba unaolipa mchapishaji haki hiyo. Maneno umeyaandika wewe, lakini ruhusa ya kuyachapisha tena kwa wingi inaweza kuwa si yako. Wachapishaji wengi wakubwa humruhusu mwandishi kuitumia makala yake katika tasnifu yake, ila hudai itajwe ilikotoka kwanza. Mkataba usomwe kabla, usisomwe baada ya barua ya mhariri kufika.

Tasnifu inapozaa makala

Hapa ndipo wengi katika vyuo vya Afrika Mashariki hukwama, kwa kuwa mwanafunzi wa uzamivu mara nyingi hutakiwa achapishe makala kutokana na utafiti wake. Anachukua sura ya nne, anaipunguza kutoka maneno 15,000 hadi 7,000, anaituma. Tasnifu yake, kama tayari imewekwa katika maktaba ya mtandaoni ya chuo, inaonekana na kila programu ya kulinganisha maandishi. Mhariri anapokea makala pamoja na ripoti inayoonyesha ufanano mkubwa mno.

Mhariri ambaye hakuambiwa ataanza kwa kushuku. Mhariri aliyeambiwa ataangalia chanzo, ataona ni tasnifu ya mwandishi yuleyule, ataendelea na kazi. Tofauti yao ni sentensi mbili. Ya kwanza iwe katika barua inayosindikiza makala: "Makala hii imetokana na sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamivu, ambayo inapatikana katika maktaba ya mtandaoni ya chuo chetu, sehemu kubwa ya uchambuzi ni ileile, na mjadala umeandikwa upya." Ya pili iwe ndani ya makala yenyewe, katika tanbihi ya ukurasa wa kwanza au katika shukrani, ili msomaji wa kawaida naye ajue. Barua kwa mhariri peke yake haitoshi, kwa sababu anayejumlisha ushahidi baada ya miaka kumi hataiona barua ile.

Ikiwa sura hiyo moja itazaa makala mbili, kila moja iitaje nyenzake na kusema kama waliohojiwa ni walewale. Wanaofanya uchambuzi-jumuishi, yaani kuziweka tafiti nyingi pamoja ili zitoe jibu moja, hutafuta marudio kwa kulinganisha mahali, kipindi, idadi ya washiriki, kipimo cha dawa na wastani wa umri. Ni kazi ya kuchosha na haina uhakika. Katika ile kazi ya ondansetroni, baadhi ya ripoti zilizofanana hazikuwa hata na mwandishi mmoja wa pamoja, hivyo kutazama majina kusingesaidia. Sentensi moja ya mwandishi inaokoa upelelezi wote huo.

Kuandika tena kwa Kiswahili

Namna moja ya kurudia kazi inatuhusu sisi kuliko wengine. Mtafiti wa Dar es Salaam au Nairobi huandika kwa Kiingereza, kwa sababu majarida ya fani yake ni ya Kiingereza. Wakulima aliowahoji, wauguzi aliowapima na maofisa wanaopaswa kuyatumia matokeo wanasoma Kiswahili kwa urahisi zaidi. Akiitafsiri makala yake na kuichapisha tena, programu nyingi hazitaona kitu, kwa kuwa hakuna neno linalofanana. Je, ni kosa?

Akinyamaza, ni kosa lilelile: utafiti mmoja utaonekana kuwa miwili, na mwanafunzi anayeandika mapitio ya kazi tangulizi atazihesabu zote. Akisema, ni huduma, na kanuni za kimataifa zinaitambua hivyo. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, inaruhusu makala kuchapishwa mara ya pili kwa wasomaji tofauti au kwa lugha nyingine, kwa masharti yanayotimizika. Wahariri wa majarida yote mawili wakubali. La kwanza lipewe muda wa kutangulia. Toleo la pili lisibadilishe waandishi, data wala tafsiri ya matokeo. Na msomaji aambiwe, kuanzia kwenye kichwa cha makala, kwamba hili ni toleo la pili, pamoja na mahali la kwanza lilipotoka.

Natamani kanuni hii ijulikane kwa kila mtafiti anayesita kuandika kwa Kiswahili akidhani atashtakiwa kwa kujirudia. Kinachotakiwa kwake ni mstari chini ya jina lake unaosema: "Makala hii ni tafsiri ya utafiti uliochapishwa kwanza kwa Kiingereza," ikifuatiwa na jina la jarida, mwaka na kurasa. Akiuandika, mhakiki atauhesabu utafiti ule mara moja, na muuguzi wa zahanati atausoma kwa lugha anayofanyia kazi.